Skripti ya kuuza presha kuka: muda wa sufuria kwanza, maneno baadaye

Skripti yangu ya kwanza ya kuuza presha kuka kwenye televisheni ilikuwa na maneno matamu na maharage mabichi. Mtangazaji akatamka nilichomwandikia, "yanaiva dakika 15", huku nikiwa nimesahau kwamba sufuria inachukua muda wake kupata presha, na muda mwingine kuishusha. Tulifika mwisho kifuniko kimekaza, mtangazaji anakipapasa na kutabasamu.

Tangu hapo naandika kwa sufuria mbili. Ya kwanza iko jikoni mbele ya kamera. Ina maharage yaliyolowekwa usiku kucha, na hayazidi nusu ya sufuria, kwa sababu povu lake likipanda huziba tundu la mvuke. Ya pili ilipikwa mapema na presha imeshaisha. Watazamaji waambiwe hivyo wazi. Mpishi wa nyumbani anajua maharage, ukimdanganya anabadilisha chaneli.

Kipande cha katikati nakiandika hivi:

[KAMERA KARIBU: kidole kinazunguka mpira wa kifuniko]
MTANGAZAJI: Mpira huu ukipasuka, mvuke unavuja na presha haipandi. Ukague kila mara.

[SAUTI: kizito cha juu ya tundu la mvuke kinaanza kutikisika. MTANGAZAJI ANYAMAZE, sekunde 5]
MTANGAZAJI: Mnasikia? Sasa punguza moto. Zile dakika 15 tunaanza kuzihesabu hapa.

[HAMIA SUFURIA YA PILI. Onyesha pini ya presha kwenye kifuniko imeshuka, ndipo kifuniko kifunguliwe]
MTANGAZAJI: Hii tuliipika kabla ya kipindi. Pini ikiwa juu, usilazimishe kifuniko hata kidogo.

[KAMERA KARIBU: harage moja linabonyezwa kwa vidole viwili]

Hilo harage ndilo linalouza. Likipondeka lenyewe, mtangazaji hana haja ya kuongeza neno. Ukitaka sababu, mpe sentensi moja tu: kwenye sufuria ya kawaida maji huchemkia karibu nyuzi 100, ila presha huyafikisha kama 120, ndiyo maana chakula kinaiva haraka na gesi inadumu. Zaidi ya hapo unafundisha fizikia.

Ofa ya mwisho huwa naiandika kwanza, nikiwa nimekaa na mtu wa stoo. Akiniambia zipo 200, siandiki "zimebaki 10".

MTANGAZAJI: Sufuria ya lita 7, shilingi 120,000. Ndani ya boksi kuna mpira wa akiba. Ukipiga leo kabla ya saa 4 usiku, tunakuletea bure popote Dar es Salaam. Mikoani nauli ya basi ni juu yako.

Mwenye duka alitaka tuikate sentensi ya nauli. Nilikataa, maana siku ya pili wanaopiga simu ni wale wa mikoani, na hawapigi kununua.

Namba ya simu iwekwe kwenye skrini tangu kizito kinapoanza kutikisika. Kuna mtu anaitafuta kalamu nyumba nzima.