Ukitoa fedha taslimu kwa kadi ya mkopo, riba huanza siku hiyo hiyo

Sisi tunaoishi Marekani tumezoea jambo moja kuhusu kadi ya mkopo: ukinunua vitu leo, ukalipa deni lote kabla ya tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye taarifa ya mwezi, hutozwi riba hata senti moja. Hilo ni kweli, lakini ni kweli kwa manunuzi peke yake. Ukiitumia kadi hiyo hiyo kuchukua fedha taslimu, au kufanya muamala wowote ambao benki inauhesabu kuwa sawa na fedha taslimu, unaingia katika mkopo wa aina nyingine wenye ada yake, kiwango chake cha riba na saa yake ya kuanza kuhesabu. Kwa niliyoyaona katika miaka ya kuwasaidia ndugu na majirani kusoma taarifa zao za benki, wengi hawaingii humo kupitia ATM. Huingia kwa kutuma fedha nyumbani.

Jirani yangu mmoja, mwenyeji wa Mwanza, aliniletea taarifa zake mbili zilizofuatana akiwa na hakika kwamba benki yake imekosea. “Kaka, deni lote nimelilipa kabla ya tarehe,” aliniambia, “sasa riba hii imetoka wapi?” Tarehe 4 Machi alikuwa ametuma dola 600 za matibabu ya mama yake kupitia programu ya simu, na mahali pa kuweka namba ya kadi aliweka ya kadi ya mkopo badala ya kadi ya debiti inayokata moja kwa moja kwenye akaunti yake. Programu ilimwonyesha ada yake yenyewe, naye akaikubali. Asichokijua ni kwamba benki iliyotoa kadi iliupokea muamala ule kama utoaji wa fedha taslimu, ikamtoza ada ya pili ya asilimia 5, yaani dola 30. Kadi nyingi za Marekani hutoza asilimia 3 hadi 5 ya kiasi kilichochukuliwa, na huweka kiwango cha chini, mara nyingi dola 10, kiasi kwamba hata anayechukua dola 40 tu hulipa dola 10 kamili.

Ada hiyo haikai pembeni. Huongezwa kwenye deni, na kwa kawaida nayo hutozwa riba, hivyo deni la jirani yangu lilianza na dola 630. Kiwango cha riba ya mwaka, kinachoandikwa APR, kilikuwa asilimia 29.99 kwa fedha taslimu, ingawa kwa manunuzi kadi ile ile ilimtoza kiwango cha chini zaidi. Ukigawanya asilimia hiyo kwa siku 365, kisha ukaizidisha kwa dola 630, unapata takriban senti 52 kwa siku, kuanzia tarehe 4 Machi yenyewe. Taarifa ilipofungwa tarehe 20 Machi, siku 17 zilikuwa zimekwisha kuhesabiwa, na riba ilikuwa karibu dola 9. Tarehe ya mwisho ya kulipa ilikuwa 14 Aprili. Alilipa siku hiyo hiyo kiasi chote kilichoandikwa, kama alivyofanya siku zote kwa manunuzi, akaamini kwamba amemaliza.

Lakini kiasi kilichoandikwa kwenye taarifa ni deni la tarehe 20 Machi. Kuanzia 21 Machi hadi siku aliyolipa, senti 52 ziliendelea kuhesabiwa kila siku bila kuonekana popote, nazo zikajitokeza kwenye taarifa iliyofuata zikiwa zimefika dola 12 na ushei. Hiyo ndiyo riba iliyomshangaza. Benki haikuwa imekosea, na uthibitisho ulikuwa kwenye karatasi yenyewe: mstari mmoja ulisema CASH ADVANCE FEE, yaani ada ya kuchukua fedha taslimu, na chini zaidi, kwenye jedwali la riba, kiasi cha fedha taslimu kilikuwa na safu yake iliyotenganishwa na ya manunuzi. Kwa jumla alilipa zaidi ya dola 51 kwa kukopa dola 600 kwa muda wa wiki sita hivi, mbali na ada ya programu. Angenunua vitu vya dola 600 siku ile ile na kulipa tarehe ile ile, kadi isingemgharimu chochote.

Tofauti hii ina sababu zake. Unaponunua dukani, mwenye duka hukatwa asilimia fulani ya mauzo, na sehemu kubwa ya makato hayo humwendea benki iliyokupa kadi. Kwa hiyo benki imekwisha kupata chake hata kama wewe hulipi riba. Fedha taslimu inayotoka kwenye ATM haina mwenye duka wa kukatwa, na gharama yote inakuangukia wewe. Aidha, benki zinajua kwamba anayekopa taslimu kwa kadi mara nyingi amebanwa, na hatari hiyo zinaiweka kwenye riba. Binafsi naona sababu ya kwanza inaeleweka, lakini hii ya pili inamtoza zaidi yule asiye nacho, na inanisikitisha kila ninapoiona kwenye taarifa ya mtu ninayemfahamu.

Hali huwa mbaya zaidi kadi ikiwa na deni la manunuzi pia. Sheria ya Marekani ya mwaka 2009 kuhusu kadi za mkopo inaitaka benki ielekeze malipo kwenye deni lenye riba kubwa kuliko yote, lakini ni kile tu kinachozidi malipo ya chini ya mwezi. Malipo ya chini yenyewe benki inaweza kuyapeleka kwenye deni lenye riba ndogo. Ikiwa malipo yako ya chini ni dola 40 nawe unalipa dola 40 kamili kila mwezi, deni la taslimu linaweza kukaa palepale huku likiendelea kuzaa riba ya asilimia 30. Ukilipa dola 100, zile 60 za ziada ndizo zitakazolipunguza.

Kwa hiyo, unapotuma fedha nyumbani, tazama kwanza namba ya kadi iliyohifadhiwa kwenye programu, kwa sababu programu hukumbuka kadi uliyoitumia mara ya mwisho. Weka kadi ya debiti au akaunti ya benki. Ikiwa umekwisha kutumia kadi ya mkopo, usisubiri taarifa ya mwezi. Muamala ukishaonekana kwenye akaunti, lipa kiasi kile pamoja na ada yake. Jirani yangu angelipa baada ya siku tatu, riba ingekuwa dola moja na nusu hivi badala ya zaidi ya dola 21, ingawa ada ya dola 30 isingerudi. Ukilipa, subiri taarifa inayofuata na uangalie kama kuna riba iliyobaki, hata ikiwa ndogo, kwa sababu usipoilipa kwa wakati unaweza kutozwa faini ya kuchelewa.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Kadi huwa na kikomo cha fedha taslimu kilicho tofauti na kidogo kuliko kikomo cha jumla, na baadhi ya benki hukubali kukishusha hadi sifuri mteja akiomba. Jirani yangu alipiga namba iliyo nyuma ya kadi, akaomba, wakakubali. Sasa akiweka kadi ile kwenye programu kwa bahati mbaya, muamala unakataliwa.