Nyota za dereva: kipi chake, kipi cha kampuni?

Wiki hii maswali mengi yamekuja ya kitu kimoja, kuwapa madereva nyota na kuandika maoni juu yao, wa basi na wa magari ya kuita kwa apu. Mi mwenyewe niliendesha kwa apu karibu miaka mitatu kabla ya kuacha, kwa hiyo nimekaa siti zote mbili.

"Apu ilinionyesha bei moja, nilivyoshuka ikaja kubwa zaidi. Nimempa dereva nyota moja, nimekosea?"

Kwenye nyota ndio umekosea dada yangu, ila malalamiko yako bado ni halali, yameenda tu kwa mtu asiyehusika. Kwenye apu nyingi bei inapigwa na kampuni kwa kuangalia umbali, dakika, na wingi wa watu wanaoita gari saa hiyo, na dereva hana kitufe cha kuipandisha. Hela hiyo yenyewe ikishalipwa kampuni inakata komisheni yake, kwa hiyo hata pale bei inapokuchoma sio kwamba yote imeingia mfukoni kwake.

Kuna sehemu moja tu ya bei inayoweza kuwa mkono wa dereva, nayo ni njia aliyopita. Fungua risiti ya safari, nyingi zina ramani ya mlikopita. Ukiona alizunguka mbali bila kukuuliza na hakukuwa na barabara iliyofungwa, hilo ni lake na liandike hivyo hivyo. Ila kabla hujaandika jiulize, ulimsubirisha pale getini? Uliongeza sehemu ya kupitia? Dakika za kusubiri zinahesabiwa na apu yenyewe. Halafu kumbuka nyota haikurudishii hela, ukitaka bei iangaliwe upya ingia kwenye historia ya safari zako, fungua safari hiyo, ripoti tatizo la malipo.

"Dereva kanipigia kuniuliza naenda wapi, nilipomwambia akasema nikansel mimi. Huu ni utaratibu au ujeuri?"

Hapa vitu viwili vimefungwa pamoja, tuvifungue.

Kuuliza unakoenda mara nyingi kunatokana na kampuni. Kuna apu zinazomficha dereva mwisho wa safari mpaka awe ameshakubali, au zinazomwonyesha kidogo tu, maana wakionyeshwa kila kitu safari fupi zitakosa watu. Sasa dereva ambaye anataka kurudi nyumbani au mafuta yamebaki kidogo anapiga simu kuuliza. Inakera, nakubali, lakini simu peke yake mi simkati nyota mtu kwa hilo.

Kukuambia ukansel wewe ni habari nyingine kabisa. Akikansel mwenyewe inaingia kwenye rekodi yake ya safari alizokatisha na inaweza kumletea shida na kampuni, na ukikansel wewe rekodi yake inabaki safi, saa nyingine wewe ndo unakatwa ada. Anahamisha mzigo wake anauweka kwako. Kampuni haijamwambia afanye hivyo, ni uamuzi wake, na hata wale wasiokwambia kitu bali wanasimama tu sehemu moja wakisubiri uchoke wapo kundi hilo hilo. Utawajua kwenye ramani, kigari hakisogei dakika nyingi wala hapigi simu kusema amekwama. Kwenye foleni gari linasogea hata kama ni kidogo kidogo.

Usikansel kwa haraka. Mwandikie kwenye meseji za ndani ya apu, "naomba uje au ukatishe wewe", maana hapo kunabaki ushahidi ambao simu haiachi. Akikatisha au ukilazimika kukansel, chagua ile sababu inayosema dereva ameomba nikansel kama ipo, usichague "nimebadili mawazo" kwa kuwa tu ndo ya kwanza kwenye orodha.

"Basi letu lilikaa kituoni muda mrefu mlango wazi, dereva anachezea simu tu na sisi tunachelewa kazini. Niandike nini?"

Kwanza ujue kwa nini limekaa, na njia rahisi ni kumuuliza. Mabasi ya ratiba yakifika kituo fulani mapema yanatakiwa kusubiri muda ufike, kwa sababu likiondoka kabla ya saa yake yule abiria wa kituo kinachofuata aliyefika kwa wakati analikosa. We ndani unaona uzembe kumbe dereva anatii ratiba. Kuna mabasi yanasubiri siti zijae na huo ni uamuzi wa mwenye gari. Kuna pia mapumziko ya lazima, kwa mfano sheria ya Umoja wa Ulaya inamtaka dereva wa basi la safari ndefu apumzike dakika 45 baada ya kuendesha saa nne na nusu, na akiwa amepumzika akashika simu, hajakukosea.

Cha dereva hapo ni alivyokujibu. Kuna anayesema "tuna dakika sita tumewahi, tunaondoka muda fulani" na kuna anayekuangalia kama hujaongea. Ratiba ni moja, madereva wawili tofauti, na tofauti hiyo ndo unayotakiwa kuiandika. Ratiba mbovu ipeleke kwa kampuni ukiwa na namba ya njia, jina la kituo na saa kamili.

"Dereva wa basi alikimbiza mpaka watu wakapiga kelele. Akasema bosi anataka hesabu. Si kosa la bosi basi?"

La bosi na la dereva, kaka, wala moja halifuti jingine.

Hili ndo swali gumu kuliko yote ya leo na nataka tulitazame vizuri. Pale dereva anapotakiwa kupeleka kiasi fulani kila siku ndo abaki na chochote, kila dakika ya foleni inamla yeye, kwa hiyo anafidia kwa mwendo na kwa kugombania abiria vituoni, na ukimtoa huyo leo kesho ataletwa mwingine na atakimbiza vile vile kwa sababu mpango wa malipo haujabadilika. Ndo maana maoni yanayosema "dereva muuaji" na kuishia hapo yanamwacha mwenye gari anapumua.

Lakini mguu uliokuwa kwenye mafuta ni wa dereva. Mi kipimo changu ni swali moja, je, angeweza kufanya vingine na akapoteza nini? Bei iliyopangwa na apu hawezi kuibadilisha, kwa hiyo simhukumu. Kupunguza mwendo anaweza, atapoteza hela ya siku hiyo, inauma na naielewa, ila kwenye mizani ya pili kuna roho za watu. Kwenye usalama shinikizo la kampuni naliandika kama maelezo, silipokei kama kisingizio.

Kwa hiyo ripoti mara mbili. Ya dereva: saa, mahali, alichofanya, kwa mfano alipita gari lingine kwenye kona, abiria walimwomba apunguze akakataa. Ya kampuni: maneno aliyosema kuhusu hesabu, uyanukuu kama yalivyo, maana hayo yanaonyesha tatizo sio la mtu mmoja. Usiandike kasi kwa namba kama hukuiona kwenye mshale au kwenye simu yako, ukikisia 140 na kifaa cha basi kikaonyesha 95 ripoti yako yote inatupwa.

"Hivi nyota moja yangu inamuumiza kweli au tunatishana tu?"

Inategemea ana safari ngapi. Uber wanachukua wastani wa safari 500 za mwisho zilizopewa nyota. Mwenye 499 za nyota tano na moja yako ya nyota moja anakuwa na 4.992, hata hataiona. Ila mgeni mwenye safari 20 tu zilizopigiwa nyota, 19 za tano na moja yako, anashuka hadi 4.8 kwa mpigo, na kwenye dunia ya apu ambako wengi wapo juu ya hapo hicho ni kishindo. Siku zangu za mwanzo nililiwa nyota na abiria ambaye apu iliweka pini yake ya ramani sehemu ambayo hakuwepo, nikazunguka kumtafuta, akaja amekasirika, na sikuwa na pa kujieleza.

Kingine, apu ikikuuliza sababu ya nyota chache usiruke. Ukichagua foleni au bei, kuna kampuni ambazo nyota hiyo haziihesabu kwa dereva. Ukiacha wazi inamwangukia yeye.

"Gari lilichelewa, bei ilikuwa juu, kiyoyozi hakuwasha, na njiani alikuwa anaandika meseji. Ila mizigo yangu alinibebea vizuri na alikuwa na adabu. Naandikaje?"

Bei tumeshaitoa. Kuchelewa, angalia kama makadirio ya apu ndo yalikuwa ya uongo tangu mwanzo, yale yanakokotolewa na kompyuta, sio ahadi ya dereva. Kiyoyozi, angalia daraja la gari uliloita, kama kampuni haikuahidi kiyoyozi kwenye daraja hilo basi sio deni lake, na mafuta mara nyingi anajinunulia mwenyewe. Kama uliomba na daraja linaruhusu akakataa, hilo ni lake.

Simu ndo penyewe. Simu iliyo kwenye kishikio kwa ajili ya ramani ni kifaa cha kazi. Hata kugusa mara moja kupokea safari inayofuata, hiyo kampuni ndo inaituma akiwa barabarani na kumpa sekunde chache, ilalamikie kampuni. Kushika simu mkononi na kuandika meseji gari likiwa kwenye mwendo, hapana, hakuna aliyemlazimisha.

Mimi ningempa nyota tatu na kuandika hivi:

"Alinisaidia mizigo na aliongea kwa heshima. Gari likiwa kwenye mwendo alishika simu mkononi na kuandika meseji mara tatu. Nilimwomba aache, akaacha, baadaye akarudia. Bei na kuchelewa sijavihesabu hapa."

Halafu ile ya simu naipeleka pia kwenye kipengele cha usalama cha safari hiyo, maana maoni chini ya nyota saa nyingine hayasomwi na mtu, na bei naipeleka kwenye malipo. Ripoti tatu fupi zinazofika panapohusika. Na tafadhali usimpige picha ya uso ukaisambaza na namba ya gari, kampuni tayari inamjua kupitia safari yako.

"Dereva hakuongea neno njia nzima. Nimkate?"

Alikusalimia na akakufikisha salama? Tano.