Maandishi nyuma ya risiti ya dobi yanakubana lini?

Suti imepelekwa kwa dobi Jumatatu. Kijana wa kaunta ameipokea, ameandika risiti, mteja amelipa 8,000 na karatasi ameitia mfukoni. Alhamisi suti haionekani. Hapo ndipo risiti inapogeuzwa upande wa nyuma: "Nguo ikipotea au kuharibika, fidia haitazidi mara tano ya gharama ya kufua." Suti ilinunuliwa 350,000. Kwa hesabu ya risiti, mteja aondoke na 40,000 na asirudi tena na maneno.

Wengi hapa huanza kulalamikia udogo wa herufi. Una uzito wake, lakini swali la kwanza ni jingine: hayo maandishi yaliletwa mbele ya mteja kabla hawajakubaliana, au baada? Sharti haliingii kwenye mkataba uliokwisha kufungwa. Nguo ikishapokelewa na pesa ikishatolewa, mapatano yamekamilika, na karatasi inayokuja nyuma yake haiwezi kuongeza jambo kwa upande mmoja.

Kesi iliyoeleza hili vizuri ni ya Uingereza, Thornton dhidi ya Shoe Lane Parking, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwishoni mwa 1970. Mpiga tarumbeta aliingiza gari kwenye maegesho ya London, mashine ikamtolea tiketi. Tiketi ilisema imetolewa kwa masharti yaliyobandikwa ndani ya jengo, na masharti yenyewe yalikuwa kwenye nguzo huko ndani. Yalisema kampuni haiwajibiki hata mteja akiumia. Aliporudi kuchukua gari aliumia, kwa sehemu kutokana na uzembe wa kampuni. Jaji Denning aliuliza jambo la kawaida kabisa: mtu akishafika kwenye mashine, atarudi vipi? Hawezi kubishana nayo. Mkataba ulifungwa pale aliposogeza gari mpaka mashine ikaitika, na tiketi ilikuja baadaye. Tena, sharti zito la namna ile, linalomnyima mtu fidia ya mwili wake, lilihitaji kuonyeshwa waziwazi. Denning alipenda kusema kwamba masharti mengine yanataka wino mwekundu na mkono mwekundu unaoyanyooshea kidole.

Kwa hiyo kipimo kina mizani: sharti likizidi ukali, tangazo nalo linatakiwa lizidi kuonekana.

Halafu tazama karatasi yenyewe ni ya namna gani. Mwaka 1940, mahakama hiyohiyo ilisikiliza kesi ya mtu aliyekodi kiti cha turubai ufukweni, akapewa tiketi, kiti kikampasukia akaumia. Nyuma ya tiketi halmashauri ilijivua dhima. Haikuisaidia, kwa sababu mtu yeyote angeichukulia tiketi ile kuwa ushahidi wa malipo tu. Risiti nyingi za dobi zinaangukia hapo: jina, idadi ya nguo, kiasi, tarehe ya kuchukua. Nani angetarajia mkataba nyuma yake?

Kenya inazifuata kanuni hizi kwa njia fupi, maana Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, inaelekeza kwenye sheria ya kawaida ya Uingereza, yaani ile inayotokana na maamuzi ya mahakama. Tanzania ina Sheria yake ya Mikataba, Sura ya 345, na maamuzi ya Uingereza husomwa kama mwongozo wenye uzito, hayafungi.

Sasa mitego miwili inayowaangusha wateja. Wa kwanza ni mazoea. Ukiwa mteja wa kila wiki kwa miaka miwili, na kila mara umepewa risiti ileile yenye maneno yaleyale, dobi anaweza kudai kwamba masharti yameingia kwa mwenendo wenu, na hoja hiyo mahakama huisikiliza. Inavunjika pale anapokuwa anatoa risiti siku moja na siku nyingine anaandika kwenye daftari tu.

Wa pili ni saini. Ukitia saini umekubali, umesoma au hukusoma. Lakini hata hapo pana mlango. Mwaka 1951 mwanamke mmoja Uingereza alipeleka gauni jeupe la harusi kusafishwa. Aliuliza kwa nini atie saini, akajibiwa kwamba ni kwa ajili ya shanga na vipambo vinavyometameta. Kumbe karatasi ilijivua dhima ya uharibifu wote. Gauni likarudi na doa. Duka lilishindwa, kwa kuwa maelezo ya mhudumu yalipotosha upana wa sharti. Ndiyo maana ni vizuri kuuliza kaunta, "Hii ya saini ni ya nini?" na kukumbuka jibu neno kwa neno.

Tuseme sharti limeingia. Bado lazima lisomwe, na likiwa na utata linasomwa kinyume na aliyeliandika. "Hatuhusiki na nguo zitakazoharibika" halisemi chochote kuhusu nguo iliyopotea. "Hatuhusiki na moto au wizi" halimkingi dobi aliyempa mtu mwingine suti yako kwa kuchanganya namba. Tena, suti iko kwake kama amana: wewe unathibitisha kwamba uliikabidhi na haikurudi, yeye ndiye wa kueleza imekwenda wapi na kwamba aliitunza kama mtu mwangalifu anavyotunza mali yake.

Kizingiti cha mwisho ni haki ya sharti lenyewe. Tanzania, Sheria ya Ushindani ya 2003 inaipa Tume ya Ushindani, FCC, kazi ya kuangalia mikataba ya walaji inayoandaliwa na upande mmoja, na malalamiko hupelekwa huko. Kenya ina ibara ya 46 ya Katiba ya 2010, inayotaja haki ya mlaji kufidiwa, pamoja na Sheria ya Kumlinda Mlaji ya 2012, inayokataza mapatano yanayoegemea upande mmoja kupita kiasi. Hukohuko Kenya, madai yasiyozidi shilingi milioni moja yanaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, bila wakili. Tahadhari: watu hunukuu sana sheria ya Uingereza ya 1977 kuhusu masharti yasiyo ya haki. Hiyo si sheria ya Kenya wala Tanzania, na ukiijengea hoja yako utapoteza muda.

Hapa kikomo cha fidia kina nafuu kuliko kujivua dhima kabisa. Dobi anayetoza 8,000 ana hoja anaposema hawezi kubeba hatari ya suti ya milioni mbili. Hoja hiyo inapata nguvu akiwa amebandika bango juu ya kaunta, mbele ya macho ya anayekabidhi nguo, na akiwa na nafasi ya mteja kutaja thamani ya nguo na kulipia zaidi. Bango lililo nyuma ya mlango, au linalofichwa na nguo zilizoning'inizwa, ni sawa na kutokuwepo.

Kwa hiyo suti ikipotea, siku hiyohiyo piga picha kaunta na kuta zake ukiwa umesimama pale ulipokabidhi nguo, kisha risiti pande zote mbili. Bango jipya lina tabia ya kuota baada ya ugomvi. Tafuta ushahidi wa bei na mwaka wa kununua, maana utalipwa thamani ya suti iliyovaliwa, si ya mpya. Halafu andika barua fupi: tarehe ya kukabidhi, namba ya risiti, thamani unayodai, na sentensi moja kwamba masharti ya nyuma ya risiti hukuonyeshwa kabla ya kulipa. Mpe siku 14. Ukipewa ile 40,000, usisaini kwamba umelipwa na huna dai tena; andika "malipo ya sehemu" kando ya saini yako.