Cheti cha utumishi na barua ya mapendekezo

"Naacha kazi hotelini hapa Moshi. Nilianza mapokezi, sasa ni msimamizi wa zamu. Kwenye barua niombe vipi cheti na mapendekezo?"

Dada, tenganisha aya. Cheti ni haki yako kwa kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Mapendekezo ni hisani, hapo lainisha lugha.

Andika: "Naomba cheti cha utumishi siku yangu ya mwisho, kikionyesha tarehe ya kuanza na kumaliza, na vyeo vyote nilivyoshika." Usiache hilo la vyeo, maana ofisi ikiwa na haraka hunakili kile cha kwenye mkataba tu.

Mapendekezo mwombe meneja aliyekusimamia, umkumbushe kazi moja mahususi, mfano kufunga hesabu za usiku. Barua iwe na muhuri na simu ya ofisi, si yake binafsi. Mameneja wa utalii huhamahama.