Kabla hujapeleka brosha kuprinti, zipigie kwanza hizo namba

Mwaka juzi nilidizaini brosha ya nyumba ya wageni huko Bagamoyo, A4 ya kukunja mara mbili, kopi 2,000. Namba ya simu ya mbele ilikuwa sahihi, ila ya nyuma ilikuwa ya mteja wangu wa zamani, maana nilianzia kwenye faili la kazi yake na ile kona ya chini sikuigusa. Tukaishia kubandika stika mojamoja, siku mbili nzima mimi na wadogo zangu, na bado kiraka kilionekana.

Tangu hapo namba siisomi kwa macho tu. Naprinti pruf, yaani kopi moja ya kukagua, nashika simu, nabonyeza tarakimu kama zilivyo kwenye karatasi, sio kugusa jina nililosevu, coz hapo unakuwa umejaribu namba ya kwenye simu yako na ya kwenye brosha hujaigusa. Akipokea mtu namuuliza hapo ni wapi. Namba ikitokea sehemu tatu napiga mara tatu. Halafu icheki +255, ikishakuwepo ile 0 ya mwanzo inaondoka na zinabaki tarakimu 9.

Bei nazifanya na mtu wa pili. Yeye anashika orodha aliyoandika mteja anasoma kwa sauti, "chumba cha watu wawili, elfu arobaini na tano", mimi naangalia pruf na kuweka tiki kwa kalamu. 45,000 na 450,000 jicho likichoka linazipita tu, ila ukisikia arobaini na tano huku unaona sifuri nne unashtuka. Na maneno ya pembeni ya bei nayo yasomwe: ni kwa usiku au kwa mtu, chai ya asubuhi imo au haimo, VAT imo?

Spelling ndo ina mtego wake, kompyuta zetu nyingi zinakagua Kiingereza kwahiyo Kiswahili chote kinapigiwa mstari mwekundu mpaka unazoea na huuoni tena. Na kuna kosa ambalo hata kamusi haitalishika, D na F zimekaa jirani kwenye kibodi, niliwahi kukuta "vyumba vyote vina deni" badala ya feni. Mimi nasoma kuanzia sentensi ya mwisho kurudi juu, ili nisibebwe na maana, na vichwa vya habari navisoma peke yake herufi kwa herufi, huko ndo makosa yanapita kwa sababu maandishi ni makubwa na kila mtu anadhani ameshayaona.

Mteja akirekebisha hata neno moja, printi pruf mpya uisome yote. Kuna siku niliongeza neno kwenye bei, boksi likajaa, mstari wa mwisho ukajificha na ndo uliokuwa na namba ya simu. Mteja asaini hiyo pruf ya mwisho na tarehe, kabla pleti za kuchapia hazijatengenezwa, maana zikishatoka kila kosa linalipiwa pleti mpya.