Hongera kwa C yako ya hesabu mdogo wangu, ila mimi naanzia kwenye ile D

Wiki iliyopita niko zangu kwenye hiace natoka Kiboriloni, simu ikaita mlio wa meseji, kufungua nakuta skrinshoti ya matokeo ya kidato cha nne na chini yake maneno mawili tu, "Ticha imekubali." Nikazungusha zungusha ile picha nikaona namba yake inaanza na P, ya watahiniwa wa kujitegemea, nikashuka mpaka kwenye hesabu nikakuta C. Nilipiga kelele mpaka konda akaniuliza kama nimepitiliza kituo.

Kwa wasiomjua (na simtaji jina, mwenyewe hataki), huyu ni binti anayemsaidia mama yake kuuza mitumba pale soko la Memorial, hapa Moshi. Kafanya hesabu za kidato cha nne mara tatu. Mara ya kwanza akiwa shuleni, F. Mwaka uliofuata akarisiti, D. Safari hii C. Sasa tangu matokeo yatoke kila mtu anampongeza kwa C, mama kachinja kuku, mjomba katoka Rombo na ndizi, safi kabisa, lakini mimi nina neno. Ile D ya mwaka juzi hakuna aliyeipongeza hata mmoja. Walimwambia "umerisiti halafu bado D?" kama vile kakaa mwaka mzima anapanga nguo. Na mimi nasema kazi kubwa ilikuwa kwenye ile D, ngoja nieleze.

Mimi mwenyewe ni zao la kidato cha nne cha mwaka 2012. Mnaoujua ule mwaka mnajua. Matokeo yalivyotoka Februari 2013 zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata ziro, mpaka serikali ikaunda tume, na Mei yakatangazwa upya baada ya kupangwa upya. Wengine walipanda. F yangu ya hesabu ikabaki palepale imekaa kama nguzo ya umeme. Na kosa langu ni kwamba miezi yote ile nilikuwa nasubiri tume inifaulishe, sijajiandikisha popote, daftari sijafungua, kwa hiyo nilipozinduka usajili wa watahiniwa wa kujitegemea umeshapita na mwaka nao umekwenda. Nilirisiti 2014, na matokeo yetu yalikuja kwa mfumo wa GPA badala ya divisheni, ba'mdogo akashika karatasi akaniuliza "sasa hii ndio divisheni ngapi?" nikashindwa kumjibu, akasema basi hujafaulu. Nilikuwa nimepata C ya hesabu kwa jasho langu! Mpaka leo tukikutana kwenye msiba namsalimia shikamoo vizuri tu lakini lile neno bado liko hapa kifuani.

Tuachane na mimi.

Marisita wengi hawajui kwamba ukifeli huletewi karatasi yako. Unaona herufi tu. F inaanzia 0 mpaka 29, D ni 30 mpaka 44, C ni 45 mpaka 64. Kwa hiyo aliyepata 3 na aliyepata 28 wote wanaona F ileile, na aliyetoka 8 akafika 43 kapanda alama thelathini na tano lakini mtaani anaitwa "bado D". Ndio maana huyu binti alipokuja kwangu mwezi wa pili akiwa na D yake mkononi na macho yamevimba, sikumfundisha kitu siku hiyo. Nilimpa pasti pepa moja, nikamwekea saa, masaa matatu kamili kama mtihani wenyewe, fofiga pembeni, kikokotoo hakuna. Nikasahihisha mbele yake. Akapata 24.

Akalia tena, nikamwambia usilie, tuhesabu. Zimepotea 76, zimeenda wapi? Tukapita swali kwa swali na kalamu tatu. Nyekundu ni alama zilizopotea kwa sababu hajui kabisa, hata angepewa siku nzima. Bluu anajua ila kakosea njiani. Penseli ni maswali ambayo hakuyafikia. Jumla ikaja nyekundu 31, bluu 27, penseli 18. Hebu ziangalie hizo namba. Bluu na penseli ni 45, yaani alama 45 zimepotea kwenye vitu anavyovijua au hata hajavigusa! Na yeye miaka yote miwili alikuwa anakimbizana na nyekundu, tuisheni huku tuisheni kule, kila ticha anamwanzishia topiki mpya.

Penseli ilikuwa rahisi kuelewa. Mtihani wa hesabu una maswali 14 na unafanya yote, sehemu A maswali kumi ya alama 6 kila moja, sehemu B manne ya alama 10. Masaa matatu ni dakika 180, alama 100, ina maana swali la alama 6 lina dakika kama kumi na moja na la alama 10 lina dakika kumi na nane. Huyu swali la kwanza alilikalia dakika thelathini na tano kwa sababu jibu halikutoka namba nzuri, anafuta anaandika anafuta. Tukaweka sheria, dakika kumi na moja zikifika acha nafasi na uhame, utarudi. Mwezi mzima tulifanya hilo tu na saa ya ukutani, aliichukia ile saa mpaka akaigeuza uso ukutani siku moja.

Bluu ndio ilinipa kazi. Nitoe mfano mmoja kwa sababu najua kuna risita anasoma hapa na anafanya kosa hilihili. Topiki ya dunia kama tufe, umbali kati ya miji miwili iliyo kwenye latitudo moja. Mji P uko 60° kusini, 30° mashariki. Mji Q uko 60° kusini, 20° magharibi. Tafuta umbali ukifuata hiyo latitudo, chukua R = 6370 km na π = 3.14. Yeye aliandika 30 toa 20 ni 10, akaendelea kwa ujasiri kabisa mpaka akapata kilomita 555.6. Fomula anaijua kwa kichwa, hesabu yenyewe hakukosea hata nukta, ila jibu ni la uongo.

Siku hiyo tulikuwa pale pale kwenye meza ya mitumba, mama yake anapanga blauzi, nikanunua chungwa kwa mama jirani nikachora mstari mmoja wa wima katikati kwa bikpeni, nikamwambia huu ndio sifuri, Griniwichi. Mji mmoja uko kulia kwake nyuzi 30, mwingine kushoto nyuzi 20. Ukitembea toka huku mpaka kule unapita nyuzi ngapi? Akaweka kidole, akakisogeza, akanyamaza, akasema "hamsini." Basi. Pande tofauti unajumlisha, upande mmoja unatoa. Halafu nikalikata chungwa karibu na juu, nikamwonyesha duara la huku ni dogo kuliko la katikati, na hiyo ndio kazi ya ile kosaini ambayo wengi wanaisahau, inapunguza duara. Kwenye nyuzi 60 kosaini ni 0.5, yaani duara ni nusu ya ikweta. Kwa hiyo inakuwa hivi:

```
d = 2πR cos θ × (50/360)
  = 2 × 3.14 × 6370 × 0.5 × 50/360
  ≈ 2778 km
```

Ukisahau kosaini unapata 5556, mara mbili yake kamili. Na kuna njia ya kujikagua bila kumuuliza mtu. Kwenye ikweta nyuzi moja ni maili 60 za baharini, kwa hiyo 60 × 50 × 0.5 ni 1500, zidisha kwa 1.852 unapata 2778. Njia mbili jibu moja, unaenda swali linalofuata na moyo mweupe. Chungwa tulilila.

Kila kosa la bluu liliingia kwenye daftari lake dogo la kaunta, ukurasa mmoja kosa moja. Sio jibu sahihi tu, aandike alichokosea na kwa nini alidhani ni sawa. Hii ya kwa nini ndio marisita mnairuka, mnanakili jibu la kwenye kitabu mnafunga. Na baraza la mitihani lenyewe linaweka mtandaoni uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, swali kwa swali, na picha za majibu mazuri na mabovu. Someni yale mabovu jamani! Tulikuta humo mtu kafanya kosa la kutoa badala ya kujumlisha, binti akacheka akasema "kumbe tuko wengi."

Nyekundu tuligusa mbili tu, takwimu na matriki. Nyingine tuliziacha, nilimwambia wazi kabisa hizi hatuziwezi mwaka huu, na C haihitaji zote. Kuna ticha mwenzangu hapa Moshi aliniambia nadumaza watoto. Sawa, wa kwake nao tumeona.

Agosti alipata 41 kwenye jaribio, akataka kuacha kwa sababu "ni D ileile." Hapo ndipo niligomba kweli kweli. Nikamtolea zile karatasi zote, 24, 33, 38, 41, nikazipanga juu ya mitumba mstari mmoja, nikamwambia baraza likiona hii mistari linaandika F moja na D tatu, lakini wewe sio baraza, wewe unaona namba. Septemba 52. Novemba akaingia chumba cha mtihani na mimi nililala vizuri kuliko yeye.

Na wewe unayesoma hapa ukiwa na F au D ya juzi, wiki hii hii nenda kituo cha mtihani kilicho karibu ukaulize usajili, maana dirisha linafunguliwa mwanzoni mwa mwaka na halisubiri mtu amalize kulia, mimi nilishawaambia yaliyonikuta 2013. Halafu kaa na pasti pepa moja na kalamu tatu kabla hujalipa shilingi kwa ticha yeyote, hata mimi.

Mdogo wangu, hongera. Hongera ya F uliyoingia nayo Januari ile bila kujificha, hongera ya D ambayo tulikunyima wote mwaka juzi (na mimi nikiwemo, nilikuwa sijakujua lakini naomba radhi), na hongera ya kukaa na ile saa. Jumamosi nakuja Memorial na soda mbili. Lile daftari mama kaniambia umeshamwazima yule kijana wa duka la viatu anayerisiti mwaka huu, mwambie ukurasa wa chungwa asiuchane.