Simu mpya, meseji za zamani: hapo ndo utajua nani ana ufunguo

Ukitaka kujua apu yako ya meseji inaficha maneno yako dhidi ya nani, achana na yale maandishi yao ya "tunajali faragha yako", kila apu inayo hayo. Chukua simu nyingine ambayo haijawahi kuingia akaunti yako, zima ya kwako kabisa, hamisha laini, afu ingia kwa namba ya simu na zile tarakimu za uthibitisho tu, ukiulizwa habari za bakapu kataa. Meseji za mwaka juzi zikijipanga zote kwenye kioo basi zilikuwa zimekaa kwa kampuni, na kampuni inaweza kuzifungua, maana simu mpya haikuja na ufunguo wowote na ile ya zamani imezimwa.

Sijalibuni mimi hilo. Kuna mwalimu wa mambo ya usimbaji pale Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Matthew Green, alilieleza mwaka 2012 akaliita jaribio la dimbwi la tope: simu imetumbukia topeni, na wewe umeteleza ukagonga kichwa pasiwedi zote zimefutika, je vitu vyako bado unavipata? Kama unavipata, na mwenye seva anavipata.

Sasa mi kazi yangu ni kuhangaika na simu na kompyuta za maofisi madogo ya utalii hapa Arusha, na hilo jaribio tulifanyiwa bure bila kupanga. Dereva mmoja wa Sakina alikuwa anaosha Land Cruiser huko Mto wa Mbu, simu iko mfuko wa shati, kainama, imezama. Kafika mjini kanunua nyingine maeneo ya Kilombero, karudisha laini kwa alama za vidole, kaingia Telegram na WhatsApp. WhatsApp hakuwa na bakapu, ikaja tupu, magrupu yapo kwa majina tu ndani hamna kitu. Telegram ikarudisha dunia nzima: grupu la ofisi, ratiba za safari, listi za vyumba, namba za ndege, na picha za pasipoti za wageni tangu enzi hizo ofisi ina gari mbili. Jamaa alifurahi balaa, akawa anawahubiria wenzake pale ofisini kwamba Telegram ndo apu na hii nyingine takataka.

Na kwa upande wa kutopoteza vitu yuko sahihi kabisa, simbishii. Ila angalia kilichotokea. Pasipoti ya mgeni iliyotumwa na dada wa booking wakati yuko ofisini, imekuja kwenye simu iliyotoka dukani muda huohuo, kwa kutumia laini na tarakimu za meseji peke yake.

Kinachoendelea ni hivi. Kuna enkripsheni, yaani kufunga meseji isisomeke, ya njiani tu. Simu yako na seva ya kampuni zinakubaliana ufunguo, meseji inafungwa, inapita kwenye waifai ya loji kule Karatu na kwa mtandao wa simu ikiwa haisomeki, ikifika kwenye seva inafunguliwa. Inahifadhiwa hapo. Kampuni inaweza kuihifadhi kwenye diski iliyofungwa pia, lakini ufunguo wa hiyo diski ni wa kwake. Halafu inafungwa upya kwa ufunguo mwingine inaenda kwa mpokeaji. Ni kama kutuma mzigo na basi, buti imefungwa njia nzima hakuna wa kuchomoa barabarani, ila ofisi ya mizigo wana funguo ya buti na wakitaka kuangalia ndani wanaangalia. Chati za kawaida za Telegram ziko hivo, na magrupu yake yote yako hivo, na ndo maana unaweza kuzima simu ukafungua Telegram kwenye kompyuta na kutafuta neno la miaka mitatu nyuma ukalipata. Seva ndo inakutafutia. Isingeweza kutafuta ndani ya kitu isichoweza kukisoma.

Kwa hiyo mtu akikwambia hiyo chati "imesimbwa" hajadanganya. Imesimbwa, dhidi ya mwenye waifai na dhidi ya mtu wa katikati. Swali lilikuwa dhidi ya nani.

Enkripsheni ya mwanzo mpaka mwisho, ile wanayoiita end-to-end, ni mpango mwingine. Hapa funguo zinatengenezwa ndani ya simu yenyewe siku unapoweka apu. Kila simu inakuwa na ufunguo wa siri usiotoka humo, na mwenzake wa wazi unaopelekwa kwenye seva ili watu wauchukue. Dada wa booking akitaka kumwandikia dereva, simu yake inaiomba seva ule ufunguo wa wazi wa dereva, inauchanganya na siri yake inapata ufunguo wa pamoja, inafunga meseji palepale mkononi. Seva inachobeba ni uchafu usiosomeka. Dereva akiwa katikati ya Serengeti hakuna mtandao meseji inasubiri kwenye seva ikiwa imefungwa hivohivo, WhatsApp wanasema mpaka siku 30, ikishafika inaondolewa. WhatsApp imekuwa hivi kwa chati zote tangu Aprili 2016, inatumia mfumo uleule wa apu ya Signal.

Kwa hiyo simu ikizama Mto wa Mbu na ufunguo wa siri umezama nao. Simu mpya inatengeneza funguo mpya, na za zamani hakuna wa kukurudishia, hata ukienda ukalia mlangoni kwao. Kuna kitu kidogo yule dereva kilimchanganya lakini: meseji chache zilifika, zile zilizotumwa wakati simu iko majini. Hizo kwa mtumaji zilikuwa na tiki moja, na simu ya mtumaji ilipoona mwenzake ana ufunguo mpya ikazifunga upya yenyewe ikazituma tena. Zimetoka kwenye simu za watumaji, siyo kwamba seva ilikuwa imeziweka zinasomeka.

Angalizo moja kuhusu hili jaribio, linasema kweli upande mmoja tu. Meseji zikirudi, kampuni inaweza kuzisoma, hapo hakuna ubishi. Zisiporudi haimaanishi moja kwa moja uko salama, inawezekana apu haitunzi tu, au imezisoma njiani ikazifuta.

Na mtego mkubwa uko kwenye bakapu, hapa ndo watu wengi wanaumia wakiwa na WhatsApp yao. Ukiwasha bakapu ya Google Drive kwa ile hali ya kawaida, chati zako zinatoka nje ya ule ulinzi, nakala inakaa kwenye wingu bila ule ufunguo wa simu kwa simu, na ndo maana ukinunua simu mpya ukaingia kwa akaunti yako ya Google na namba yako zinarudi zote. Yaani umefunga mlango wa mbele ukaacha wa nyuma wazi. Tangu 2021 kuna dawa yake: Settings, halafu Chats, Chat backup, halafu "End-to-end encrypted backup". Itakupa uchague pasiwedi au ufunguo wa tarakimu 64. Ukipoteza hiyo pasiwedi na simu kwa pamoja imekula kwako, hakuna wa kukusaidia, ndo dalili kwamba inafanya kazi. Mi yangu nimeiandika kwenye daftari nyumbani, siyo kwenye noti za simu ileile.

Telegram nayo ina mpango wa mwanzo mpaka mwisho, ila lazima uuwashe mwenyewe na kwa mtu mmoja mmoja: unafungua jina lake, vidoti vitatu, "Start Secret Chat". Inakaa kwenye zile simu mbili tu, haipo kwenye Telegram ya kivinjari, na grupu haliwezi kuwa hivyo. Watu wengi ninaokutana nao hawajawahi kuigusa. Halafu naombwa sana niwawekee ile pasiwedi ya pili ya kuingilia akaunti, naiweka na ni nzuri, inazuia mwizi wa laini, ila haibadilishi nani ana ufunguo wa chati. Inalinda mlango wa kuingilia kwako, seva inabaki ilivyo.

Kwa ile ofisi tulichofanya ni hiki. Grupu la Telegram limebaki kwa picha za wanyama, video na mambo ya gari, kwa kazi hiyo sioni ikishindwa. Pasipoti zote tukazifuta kwa pande zote, na sasa zinapita WhatsApp kwa mtu mmoja anayehusika, na meseji za kujifuta zimewashwa. Bakapu za wote zimewekewa pasiwedi. Kilichonisumbua zaidi ilikuwa kompyuta ya mapokezi, WhatsApp ilikuwa wazi kutwa nzima na kila mgeni anayekuja kulipia anaiona, na hapo enkripsheni haina la kufanya maana ile kompyuta nayo ni mwisho mmojawapo, ina funguo zake na inaonyesha kila kitu kwa anayekaa kwenye kiti. Nenda "Linked devices" uone umeunganisha mashine ngapi, utashangaa.

Kitu kingine, ukiandikia kampuni kubwa, hoteli au shirika la ndege, gusa ile notisi juu ya chati. Baadhi wanatumia huduma nyingine kuendesha meseji zao na notisi inasema hivo, maana yake mwisho wa upande wa pili ni seva ya huyo anayewahudumia, siyo simu ya mtu. Na kote huko hata ukiwa umefunga vizuri, nani kaongea na nani na saa ngapi bado kampuni ya apu inaijua, hilo enkripsheni hii haifichi.

La mwisho washa notisi za usalama, Settings, Account, "Security notifications". Siku yule dereva anaingia na simu mpya waliokuwa wamewasha waliona mstari unasema msimbo wake wa usalama umebadilika, wengine wote hawakuona kitu. Mstari huo unatokea mtu akibadilisha simu, na unatokea vilevile mtu mwingine akichukua laini yake. Kwa hiyo ukiuona kabla ya kutuma pasipoti au namba ya malipo mpigie simu, usikie sauti yake, mkikutana fungueni jina, "Encryption", mlinganishe zile tarakimu 60 au mskani tu ule mchoro, haichukui hata muda wa kuagiza chai.